Kufunga kampuni iliyolala: maliza adhabu za ritani za sifuri kwanza, barua ya kufuta baadaye

Mama mmoja wa Sinza alikuja ofisini kwangu Kariakoo mwezi Septemba 2022, amebeba bahasha ya kaki na cheti cha usajili kilichowekwa kwenye fremu. Aliandamana na shemeji yake. Mwaka 2019 wawili hao walisajili kampuni ya kusambaza sare za shule. Zabuni waliyoitegemea haikuja, na kampuni ikalala. Sasa alitaka kuifunga, na kwenye bahasha tayari kulikuwa na barua ya kwenda kwa Msajili wa Makampuni, imeshapigwa mhuri.

"Mwanangu, kampuni haijauza hata shati moja," alisema. "Peleka tu barua hii, tuachane nayo."

Nilimwomba aiweke kwanza. Kampuni ambayo haijafanya biashara bado inatakiwa kuitamkia mamlaka ya mapato ya Tanzania, TRA, kwamba haijafanya biashara, kila mwaka, kwa fomu iitwayo ritani. Isipotamka, adhabu inahesabiwa hata kama kodi yenyewe ni sifuri. Na BRELA, ofisi ya huyo Msajili, haiwezi kukuondoa kwenye daftari la makampuni kwa amani huku TRA inakudai, kwa sababu TRA ni mdai kama wadai wengine na inaweza kuweka pingamizi. Kwa hiyo kazi inaanzia TRA na kuishia BRELA. Nitaeleza hatua kwa kufuata jalada la mama huyu, kwa kuwa makosa yake nayaona kila mwezi.

Hatua ya kwanza: jua unadaiwa fomu zipi

Ingia kwenye akaunti ya kampuni katika mfumo wa TRA, au nenda ofisi ya mkoa wako wa kikodi ukiwa na TIN ya kampuni na kitambulisho cha mkurugenzi. Uliza mambo mawili: aina za kodi zilizowashwa kwenye TIN hiyo, na ritani ambazo hazijapokelewa. Usikisie. Kama kampuni iliwahi kusajiliwa VAT, inadaiwa ritani ya kila mwezi. Kama iliandikishwa kama mwajiri, kuna ritani za PAYE, yaani kodi ya mishahara. Na kama wakati wa kuomba TIN ulipeleka mkataba wa pango la ofisi, jiandae kuulizwa kodi ya zuio, ile ambayo mpangaji humkata mwenye nyumba na kuipeleka TRA, ya asilimia 10 kwenye pango hilo, hata kama ofisi yenyewe ilikuwa meza moja kwenye kibanda.

Huyu mama alikuwa na bahati. Anuani ya kampuni ilikuwa nyumbani kwake, hakukuwa na mfanyakazi wala VAT. Kodi ya mapato ya kampuni tu ndiyo iliyowashwa.

Shemeji yake akasema kwa kujiamini, "Mimi kila Machi nilikwenda TRA kupeleka sifuri. Hatudaiwi chochote."

Risiti alikuwa nazo, na alikuwa anasema kweli. Lakini alichopeleka kilikuwa makadirio. Kampuni ina fomu mbili kwa mwaka. Ya kwanza ni makadirio ya kodi, ambayo kwa kampuni inayohesabu mwaka kuanzia Januari hupelekwa kufikia 31 Machi, ni kusema "mwaka huu natarajia kupata kiasi hiki." Ya pili ni ritani ya mwisho wa mwaka, ambayo hutakiwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kwisha, yaani kufikia 30 Juni, ni kusema "mwaka uliopita nilipata kiasi hiki." Ukipeleka ya kwanza pekee, umetoa ahadi na hujatoa hesabu. Ritani ya mwisho ya kampuni lazima ithibitishwe na mhasibu mwenye CPA aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu, na hapo ndipo wengi hukwama: hawataki kumlipa mhasibu kwa kazi ya kuandika sifuri.

Ritani za mwisho za 2019, 2020 na 2021 zilikuwa hazipo. Tatu.

Hatua ya pili: simamisha mita

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, adhabu ya kuchelewesha ritani huhesabiwa kwa mwezi au sehemu ya mwezi. Pale ambapo hakuna kodi ya kulipa, kampuni hutozwa pointi za sarafu 15 kwa kila mwezi, kwa kila ritani. Sheria ilipoanza, pointi moja iliwekwa kuwa shilingi 15,000, hivyo mwezi mmoja ni shilingi 225,000. Thamani ya pointi hubadilishwa kupitia Sheria za Fedha, kwa hiyo tumia inayotumika siku unayopiga hesabu yako. Hii ni ya jalada letu la 2022.

Tazama hesabu yenyewe. Ritani ya 2019 ilitakiwa 30 Juni 2020, na kutoka Julai 2020 hadi Septemba 2022 ni miezi 27, yaani shilingi 6,075,000. Ya 2020 ilitakiwa 30 Juni 2021: miezi 15, shilingi 3,375,000. Ya 2021 ilikuwa imechelewa miezi 3: shilingi 675,000. Jumla ni shilingi 10,125,000, kwa kampuni ambayo haijauza hata shati moja. Mama alinyamaza. Shemeji akaomba maji.

Ndiyo maana hatua inayofuata ni kuwasilisha ritani zote zilizokosekana, haraka, kabla hujaandika barua yoyote ya kuomba huruma. Kila siku ya kwanza ya mwezi mpya mita inaruka. Sisi tulikuwa tarehe 19, tukawasilisha zote tatu tarehe 27. Tungevuka kuingia Oktoba zingeongezeka 225,000 mara tatu, yaani 675,000, kwa sababu ya uvivu wa siku nne tu.

Sasa, ritani ya sifuri haina maana ya karatasi tupu. Hili nalikazia kwa sababu ndipo afisa kodi anapoanza kuuliza maswali. Kampuni ilikuwa na akaunti benki. Mama aliweka shilingi 1,000,000 siku ya kuifungua, na benki ikawa inakata gharama zake mwezi hadi mwezi. Hizo zinaonekana kwenye taarifa ya benki, na lazima hesabu zifanane nayo. Mauzo ni sifuri, lakini gharama za benki ni hasara ndogo, na ile milioni moja ni fedha ya mwanahisa. Iandikwe kwenye mizania kama mtaji au mkopo kutoka kwa mwanahisa, na ushahidi uwepo. Ikiachwa bila maelezo, mtu wa nje anaiona kama mapato yaliyofichwa, na hadithi yako ya kampuni iliyolala inaanza kunuka. Omba taarifa ya benki ya miaka yote kabla ya kumwona mhasibu.

Kuna jambo jingine lilijificha kwenye akaunti ya kodi. Mwaka 2019, ili wapate leseni ya biashara, walikadiriwa kodi ya shilingi 600,000 kwa mwaka wakalipa awamu ya kwanza, 150,000. Awamu tatu zilizobaki, 450,000, zilikuwa bado zinaonekana kama deni. Wengi wakiliona hulipa kwa hofu. Subiri kwanza: makadirio ni makadirio, na ritani ya mwisho yenye mauzo sifuri ndiyo inayosema kodi halisi ya mwaka huo. Baada ya kuiwasilisha, mwombe afisa arekebishe akaunti, deni la msingi liondoke na ile 150,000 ibaki kama salio lako. Riba ya awamu zile ilikuwa ndogo, nimeiacha nje ya hesabu za makala hii, ila tuliitaja kwenye barua.

Hatua ya tatu: barua ya msamaha wa adhabu

Ritani zikishaingia, adhabu inakuwa na tarakimu ya mwisho. Hapo ndipo unapoandika. Kuna milango miwili na watu huichanganya. Kama unaona adhabu imekosewa, kwa mfano ritani ilipokelewa na una risiti, hilo ni pingamizi, na unalo ndani ya siku 30 tangu upokee tathmini. Pingamizi linaambatana na kulipa theluthi moja ya kiasi kilichotathminiwa, au kiasi usichokibishia, kile kilicho kikubwa zaidi, isipokuwa umeomba na kukubaliwa kupunguziwa. Kama adhabu ni sahihi lakini imekulemea, mlango wako ni maombi ya msamaha kwa Kamishna Mkuu, ambaye ana mamlaka ya kusamehe riba na adhabu pale anaporidhika kuna sababu ya msingi. Sisi hatukuwa na la kubisha, tukaomba msamaha. Barua ilikuwa fupi, hivi:

> Kamishna Mkuu,
> Mamlaka ya Mapato Tanzania,
> K.K. Meneja wa Mkoa wa Kikodi.
>
> YAH: MAOMBI YA KUSAMEHEWA ADHABU ZA KUCHELEWESHA RITANI, TIN (namba)
>
> Kampuni tajwa haikufanya biashara tangu iliposajiliwa Februari 2019. Makadirio ya sifuri ya 2020, 2021 na 2022 yaliwasilishwa kwa wakati. Ritani za mwisho za 2019, 2020 na 2021 zilichelewa kwa sababu wakurugenzi walidhani makadirio ndiyo ritani. Zote ziliwasilishwa tarehe 27 Septemba 2022.
>
> Tunaomba kusamehewa adhabu ya Sh. 10,125,000 pamoja na riba. Kiasi kitakachobaki tunaomba kulipa kwa awamu. Kusudio letu ni kuifunga kampuni.
>
> Viambatisho: risiti za ritani, taarifa ya benki, risiti za makadirio, azimio la bodi.

Uone ambacho hakimo: hakuna kilio cha maisha magumu, na hakuna lawama kwa kijana aliyewasajilia kampuni, ingawa alistahili. Sababu ni moja, inathibitika kwa risiti za shemeji, na kosa limesharekebishwa. Barua inayotaja sababu tano humfanya msomaji aanze kutafuta ipi ni ya uongo. Peleka nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha fuatilia kila baada ya wiki mbili kwa kutaja tarehe hiyo.

Walisamehewa nusu. Zilibaki shilingi 5,062,500, wakakubaliwa kulipa kwa miezi 6, kila mwezi 843,750, kuanzia Novemba 2022. Usijenge bajeti yako juu ya nusu hiyo. Msamaha ni wa anayeutoa.

Hapa kuna shimo ambalo nusura tuingie sisi wenyewe. Unapolipa awamu, kalenda haikusubiri. Mwaka 2022 uliisha tukiwa katikati ya malipo, kwa hiyo ritani ya 2022 nayo ikawa inadaiwa kufikia 30 Juni 2023, na makadirio ya 2023 kufikia 31 Machi. Mama alishangaa: "Si tumeshawaambia tunafunga?" Kusema unafunga hakukuondolei wajibu wa fomu hadi TRA ikubali kwa maandishi. Tukawasilisha vyote Machi 2023, na awamu ya mwisho ikalipwa Aprili.

Hatua ya nne: toka TRA ukiwa na karatasi

Deni likifika sifuri, andika barua ya pili kwa meneja wa mkoa wako wa kikodi: umeacha biashara, unaomba TIN ya kampuni ifungwe, na unaomba hati ya kuthibitisha kuwa hudaiwi kodi. Ambatanisha ritani ya kipindi cha mwisho, kwetu sisi kuanzia Januari 2023 hadi siku ya azimio la kufunga. Kama una mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, nayo ina taratibu zake za kuiondoa kwenye mfumo. Usiitupe wala kuiuza. Afisa anaweza kuja kukagua anuani, kwa hiyo kibao cha kampuni kisiwe bado kinaning'inia getini.

Kwa upande, pita manispaa uliyochukua leseni uwaandikie kwamba umeacha. Kama uliwahi kujiandikisha NSSF au WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, wao nao wanahitaji barua, maana michango ya miezi ya nyuma hujitokeza pale usipotarajia.

Hatua ya tano: safisha nyumba upande wa BRELA

Hii tuliianza mapema, Novemba 2022, sambamba na awamu za TRA, kwa sababu na huko mita inakwenda, ingawa polepole. Kampuni inatakiwa kupeleka taarifa ya mwaka ndani ya siku 28 tangu siku ya kumbukumbu ya kusajiliwa kwake. Hii siyo ritani ya kodi. Inaeleza wakurugenzi ni nani, hisa ni za nani, anuani ni wapi. Ada yetu ilikuwa shilingi 22,000 kwa kila mwaka, na faini ya kuchelewa 2,500 kwa mwezi.

Kampuni ilisajiliwa 14 Februari 2019. Taarifa ya 2020 ilichelewa miezi 32, ya 2021 miezi 20, ya 2022 miezi 8. Hiyo ni miezi 60, yaani faini ya 150,000. Ongeza ada tatu, 66,000, unapata 216,000. Ukilinganisha na TRA ni nauli tu. Februari 2023 ilipofika tukalipa 22,000 nyingine kwa wakati.

Kilichotuchelewesha kilikuwa nywila. Kijana aliyewasajilia kampuni alifungua akaunti ya ORS, mfumo wa BRELA wa mtandaoni, kwa barua pepe yake mwenyewe na hakupatikana tena. Ilibidi mama afungue akaunti yake kwa namba ya NIDA, kisha aombe kuunganishwa na kampuni akiwa na azimio la bodi. Pia taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaonufaika na kampuni, zilikuwa hazijajazwa, na zilihitajika kwanza. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, jaribu kuingia ORS leo uone kama unaingia.

Hatua ya sita: funga akaunti ya benki, kisha mwandikie Msajili

Mpangilio huu una sababu. Mali inayobaki kwenye jina la kampuni iliyofutwa huangukia serikalini kama mali isiyo na mwenyewe. Kiwanja, gari, salio la benki, vyote vihamishwe kwanza kwa utaratibu. Akaunti ifungwe kwa azimio la bodi, baada ya malipo ya mwisho ya TRA. Salio la mama lilikuwa limeliwa karibu lote na gharama za benki, hivyo hakukuwa na ugomvi.

Azimio la wanahisa lisainiwe na wote. Wakurugenzi waape mbele ya wakili kwamba kampuni haifanyi biashara, haina mali, haina madeni wala kesi mahakamani. Kiapo hiki kina uzito: kama kampuni ina deni la msambazaji au mkopo benki, njia ya kufutwa haikufai, na unahitaji kuifilisi rasmi kupitia mfilisi. Kufutwa hakumfichi mkurugenzi wala mwanahisa. Wajibu aliokuwa nao unabaki kana kwamba kampuni bado ipo.

Barua kwa Msajili, tuliyoipeleka Juni 2023:

> YAH: MAOMBI YA KUFUTA KAMPUNI KWENYE DAFTARI, NAMBA YA USAJILI (namba)
>
> Kwa mujibu wa azimio la wanahisa lililoambatishwa, tunaomba kampuni tajwa ifutwe kwenye daftari la makampuni chini ya kifungu cha 400 cha Sheria ya Makampuni ya 2002, kwa kuwa haifanyi biashara. Taarifa zote za mwaka hadi 2023 zimewasilishwa. Kampuni haina mali wala madeni, na haidaiwi kodi kama inavyoonekana kwenye hati ya TRA.
>
> Viambatisho: azimio la wanahisa, kiapo cha wakurugenzi, hati ya TRA, barua ya benki ya kufunga akaunti, cheti halisi cha usajili.

Ndiyo, cheti kilitolewa kwenye fremu. Toa nakala kwanza.

Baada ya hapo Msajili anaweza kukuandikia kuuliza kama kweli kampuni haifanyi kazi. Jibu haraka, na hakikisha anuani kwenye ORS ni ile unayopokea barua. Kisha hutoka tangazo la kusudio kwenye Gazeti la Serikali, ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya muda uliotajwa. Asipojitokeza, jina linafutwa na tangazo la kufutwa linatolewa kwenye Gazeti hilo hilo. Nunua nakala ya gazeti la siku hiyo. Benki au ofisi ikija kuuliza baadaye, ukurasa huo ndio jibu.

Jalada lote, pamoja na ritani, risiti, barua zenye mhuri na taarifa za benki, litunzwe miaka 5, ambao ndio muda sheria ya kodi inaotaka kumbukumbu zihifadhiwe. La mama liko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na zile risiti za Machi za shemeji zimewekwa juu kabisa.